Mzee Aliyeacha Vidonge Akiwa Mzima

Mzee wa hadithi hii ana miaka 72. Anaishi Machame, wilayani Hai, kwenye kihamba cha migomba na kahawa alichorithi kwa baba yake, na kwa muda mrefu alikuwa mmoja wa wazee waliosimamia mfongo, ule mfereji wa asili unaoshusha maji kutoka mtoni hadi mashambani. Ni mtu wa kubuni, lakini yaliyompata ni mambo ya kawaida kabisa kwa wauguzi wa kliniki za presha. Hadithi yake nimeiweka Hai kwa makusudi. Hiyo ni moja ya wilaya chache barani Afrika ambako watafiti wamepita vijijini kuhesabu watu waliopata kiharusi, na pia kuwapima presha wazee wa miaka 70 na kuendelea. Zaidi ya nusu ya wazee hao walikutwa na presha ya juu. Wengi hawakuwa na habari nayo, na hata miongoni mwa waliokuwa wakijua, ni wachache tu ambao presha yao ilikuwa imeshuka inavyotakiwa.

Mtu asiyejua kwamba ana presha ana udhuru wake. Mzee wetu alijua. Alipimwa, akapewa dawa, dawa ikafanya kazi, kisha akaiacha kwa sababu alijiona mzima. Namna alivyofikia uamuzi huo inaeleweka sana, na ndiyo maana nataka tuifuate hatua kwa hatua.

Yote yalianza kwa kikohozi. Alikwenda kituo cha afya kutafuta dawa, na pale mapokezi nesi akawa anampima presha kila mtu mzima anayeingia. Yake ilisoma 178 kwa 96. Namba ya juu ni nguvu ya damu kwenye mishipa moyo unaposukuma, ya chini ni nguvu inayobaki moyo unapopumzika kabla ya pigo linalofuata. Mtu akipimwa siku mbili tofauti na akakutwa na 140 au zaidi kwa namba ya juu, au 90 au zaidi kwa ya chini, huhesabiwa kuwa ana presha ya juu. Mzee alirudi wiki iliyofuata, kikohozi kimekwisha, ikasoma 174 kwa 98. Daktari akamwandikia amlodipini ya miligramu 5, kidonge kimoja kila siku, akamwambia arudi baada ya mwezi.

Majuma mawili ya mwanzo hayakuwa mazuri. Alijisikia mlegevu, na alipoinuka kitandani asubuhi kichwa kilizunguka kidogo. Mkewe alimsikia akinung'unika kwamba amekwenda hospitali mzima amerudi mgonjwa. Hata hivyo alimeza, maana ni mtu wa kutii maagizo, na wiki ya tatu hali ile ikaondoka. Aliporudi kliniki mashine ikasoma 138 kwa 82. Nesi akafurahi, akamwambia, "Hongera babu, presha imeshuka vizuri." Akapewa vidonge vya mwezi mwingine.

Njiani kurudi nyumbani, mzee alifanya hesabu ambayo mtu yeyote aliyekulia nchi hii angeifanya. Tangu utotoni, kila dawa aliyowahi kupewa ilikuwa na mwisho wake. Dawa mseto ya malaria ni siku tatu. Dawa ya kidonda ni siku saba. Unameza, unapona, unaacha. Sasa presha ilikuwa 178, imekuwa 138, na nesi mwenyewe amempa hongera. Vidonge vilivyobaki akaviweka kabatini, vije vimsaidie presha ikipanda tena.

Hakuacha kizembe, tumtendee haki. Aliona vema ajihakikishie. Siku ya tatu bila kidonge alipita duka la dawa lenye mashine, akapima: 140 kwa 84. Karibu sawa na ile ya kliniki. Akaona jambo limethibitika, amepona.

Hapo ndipo penye mtego. Amlodipini ni dawa inayotoka mwilini polepole mno. Mtu akiacha kuimeza, mwili huchukua kati ya saa 30 na 50 kupunguza nusu ya kiasi kilichomo kwenye damu, kisha muda kama huo tena kupunguza nusu ya kilichobaki, na kwa wazee mwendo huwa wa taratibu zaidi. Kwa hiyo siku ile ya tatu pale dukani, mzee alikuwa bado anatembea na dawa ndani yake. Mashine ilipima kazi ya vidonge vya wiki iliyopita. Angerudi baada ya wiki mbili angeona namba nyingine, lakini nani hurudi kupima kitu alichokwisha kuthibitisha? Ucheleweshaji huo una faida yake pia, kwa maana aliyesahau kidonge kimoja hadhuriki mara moja. Kwa anayejaribu kujua kama amepona, unadanganya kabisa.

Zikapita wiki saba. Mzee alijisikia vizuri kuliko alivyokuwa wakati anameza dawa. Goti lilimsumbua kidogo, akawa ananunua diklofenaki dukani na kumeza baada ya chakula. Jirani alimweleza habari za kitunguu saumu na ndimu, akatumia siku chache. Alipanda mara kwa mara hadi kwenye banio la mfongo, jembe begani, bila kusimama kupumzika. Alirudi kituo cha afya kwa sababu tu alikuwa anamsindikiza mkewe.

"Shikamoo babu," nesi alimwamkia. "Mbona umepotea?"

"Marahaba mjukuu wangu. Sijapotea. Nimepona."

Nesi hakubishana naye. Alimwomba akae kwenye kiti chenye egemeo, miguu chini bila kuikunja, apumzike dakika tano bila kuongea. Alimuuliza kama amekunywa kahawa au kuvuta tumbaku nusu saa iliyopita, na kama kibofu kimejaa, kwa sababu vyote hivyo hupandisha namba. Akamvua koti ili mkanda ukae juu ya ngozi, akauegemeza mkono mezani usawa wa moyo. Mashine ikasoma 184 kwa 98. Akasubiri kidogo, akapima tena: 182 kwa 98.

"Mashine yenu mbovu," mzee alisema. "Leo asubuhi nimepanda hadi kwenye banio na kushuka. Mtu mwenye presha ya namna hiyo angeweza?"

Nesi alijipima yeye mwenyewe mbele yake, ikatoka 118 kwa 74. Akampima mkewe, ikatoka 132 kwa 80. Mzee akanyamaza, ila uso wake haukuonyesha kukubali. Alikuwa na swali halali, na nesi alilijua: kama kitu kibaya hivyo kinaendelea mwilini mwangu, kwa nini sikisikii?

Jibu liko shingoni. Pale mishipa mikubwa ya shingo inapogawanyika kuelekea kichwani, na pia kwenye upinde wa mshipa mkuu unaotoka moyoni, kuna ncha za neva zinazopima jinsi kuta za mishipa zinavyovutwa na damu. Presha ikipanda ghafla, neva hizo hupeleka taarifa kwenye shina la ubongo, na moyo hupunguziwa mwendo. Ukisimama kwa haraka na presha ikashuka, hizo hizo ndizo zinazoirudisha juu ili usianguke. Lakini kazi hiyo yote hufanyika bila wewe kuambiwa. Kibaya zaidi, presha ikikaa juu kwa siku kadhaa mfululizo, neva hizo hujirekebisha. Huichukua ile namba mpya kuwa ndiyo ya kawaida na kuanza kuilinda. Mwili wa mzee ulikuwa umeizoea 180 kwa miaka, labda tangu akiwa na miaka 55 au 60, na haukuwa na sababu ya kulalamika.

Hilo ndilo linaloeleza pia yale majuma mawili mabaya ya mwanzo. Dawa ilipoishusha presha, neva zilizozoea 180 ziliona upungufu. Mishipa ya kichwani nayo ilihitaji muda kujipanga upya ili ipitishe damu ileile kwa nguvu ndogo zaidi. Ndiyo maana alilegea na kuzunguka kichwa, kisha hali ikaisha yenyewe. Kwa hiyo mzee alijisikia mzima presha ilipokuwa inamdhuru, na alijisikia mgonjwa ilipokuwa inatengemaa. Ushahidi wa mwili wake ulikuwa umegeuzwa pande zote mbili. Nadhani hapa ndipo wahudumu wengi wa afya hukosea: humwambia mgonjwa ameze kila siku bila kumtahadharisha kwamba mwanzoni anaweza kujisikia vibaya kidogo. Angeambiwa mapema, asingelihesabu hilo kuwa ni kosa la dawa.

Wengi hutegemea kichwa kuuma ndipo wajue presha imepanda. Watu wengi wenye 170 au 180 hawaumwi kichwa hata kidogo, na wengi wanaoumwa kichwa wana presha ya kawaida. Anayemeza kidonge siku anayoumwa tu anatibu kitu kingine.

Daktari aliitwa. Aliagiza mkojo wa mzee upimwe kwa kijiti chenye rangi, kipimo cha dakika mbili tu. Kijiti kilionyesha protini. Kisha akachukuliwa damu ipelekwe maabara kuangalia kazi ya figo, na akapimwa umeme wa moyo. Majibu yaliporudi, figo zilikuwa zimepungua nguvu kidogo, na karatasi ya moyo ilionyesha dalili za ukuta wa kushoto kuwa mnene kupita kawaida.

Mzee aliitazama ile karatasi muda mrefu. Daktari akamweleza kila jambo kwa mahali pake. Figo huchuja damu kwa vishipa vidogo sana, na damu ikipita humo kwa nguvu kupita kiasi kwa miaka, vichujio hupata makovu na kuanza kuvujisha protini ambayo haikupasa kutoka. Moyo unaosukuma dhidi ya mishipa iliyokaza hujenga misuli, kama mkono wa mtu anayebeba mizigo unavyojenga, ila moyo mnene haunufaiki na unene huo. Huwa mgumu, hujaa damu kwa shida, na mwisho huchoka. Kwenye ubongo, vishipa vyembamba vinavyoingia ndani kabisa huwa na kuta nene na dhaifu, na siku moja kimoja huziba au kupasuka. Siku hiyo ndiyo watu husema mzee alikuwa mzima, ameanguka ghafla.

Mzee alikaa kimya, kisha akauliza jambo ambalo daktari hakulitegemea. Alitaka kujua kama kile kilichoharibika kwenye figo kimeanza baada ya yeye kuacha dawa, wiki saba zilizopita. Daktari akasema hapana. Kazi hiyo ilianza miaka mingi nyuma, ikasimama kidogo alipokuwa anameza, ikaendelea alipoacha.

"Basi ni kama ukingo wa mfongo," mzee alisema. Aliwaeleza wote wawili, kwa kirefu, namna ukingo unavyobomoka. Vijana huamini umebomolewa na mvua ya jana. Mzee wa mfongo anajua kwamba maji yalikuwa yakila udongo kwa ndani tangu msimu uliopita, na kwamba juu kulikuwa na majani mabichi na watu wakipita bila wasiwasi. Ndiyo sababu kulikuwa na zamu za kukagua ukingo hata wakati maji yanatiririka vizuri. Nesi hakuongeza kitu. Tangu hapo hakulazimika kumweleza tena kwa nini anapimwa.

Lilibaki swali lingine: kama dawa ni nzuri hivyo, kwa nini haiponyi? Amlodipini hufanya kazi kwenye misuli midogo iliyozunguka mishipa ya damu. Misuli hiyo hukaza pale madini ya kalsiamu yanapoingia ndani ya seli zake, na dawa huzuia sehemu ya mlango huo. Misuli hulegea, mshipa hupanuka, presha hushuka. Dawa ikitoka, mlango hufunguka na misuli hukaza kama zamani. Haikugusa chanzo, ambacho kwa mzee wa miaka 72 ni mchanganyiko wa mishipa mikubwa iliyopoteza unyumbufu, figo zinazohifadhi chumvi nyingi, urithi wa ukoo na chumvi iliyoliwa maisha yote. Hakuna kidonge kinachorudisha mishipa ya miaka 30. Namba ya 138 aliyoiona ilikuwa kipimo cha dawa ikiwa kazini.

Ushahidi kwamba mtu anayejisikia vizuri hufaidika na dawa hizi haukuwapo siku zote. Rais Franklin Roosevelt wa Marekani alipimwa Machi 1944 akakutwa na 186 kwa 108. Alikuwa na madaktari bora wa nchi yake, lakini dawa zenye nguvu za presha hazikuwapo, na wataalamu wengi wakati huo waliona kupanda kwa presha kuwa sehemu ya uzee. Tarehe 12 Aprili 1945 alilalamika kichwa kinamuuma, akapoteza fahamu, akafa siku hiyohiyo kwa kuvuja damu kwenye ubongo. Alikuwa na miaka 63.

Jambo hili lilimalizwa na daktari Edward Freis, aliyefanya kazi kwenye hospitali za askari wastaafu wa Marekani. Katika utafiti uliochapishwa 1967, yeye na wenzake walichukua wanaume 143 ambao namba yao ya chini ilikuwa kati ya 115 na 129. Wanaume 73 walipewa dawa za presha, 70 wakapewa vidonge visivyo na dawa, na hawakuambiwa nani amepata nini. Ndani ya muda mfupi, usiofikia miaka miwili kwa wengi wao, kundi lisilo na dawa lilikuwa na watu 27 waliopatwa na madhara makubwa, wakiwamo wanne waliofariki. Kundi lenye dawa lilikuwa na wawili tu, na hakuna aliyefariki. Utafiti ulisimamishwa kwa watu hao, kwa sababu kuendelea kuwanyima dawa kungekuwa dhambi. Kila kliniki ya presha tuliyo nayo leo inasimama juu ya matokeo hayo.

Mzee hakuelezwa habari za Freis. Alikuwa na hoja yake nyingine, ambayo nimeisikia kwa wazee wengi na naiheshimu. "Mimi nimeshakula chumvi nyingi," alimwambia daktari. "Hata nikimeza, nitaongeza miaka mingapi?"

Hoja hiyo ilichunguzwa kwa dhati. Mwaka 2008 yalitoka matokeo ya utafiti wa nchi kadhaa uliohusisha watu 3,845, wote wenye miaka 80 au zaidi, wenye namba ya juu ya 160 na kuendelea. Waliopewa dawa walikufa kwa uchache zaidi, kwa asilimia 21, na kushindwa kwa moyo kulipungua kwa zaidi ya nusu. Utafiti huo nao ulikatishwa kabla ya wakati wake kwa sababu faida ilikuwa wazi. Kwa hiyo miaka 72 si umri wa kusema nimechelewa.

Lakini daktari alijibu kwa njia nyingine. Alimwambia kiharusi hakiui kila mara. Mara nyingi humwacha mtu hai, upande mmoja umelala, maneno hayatoki, akiogeshwa na kulishwa na mkewe mwenye miaka 68. Mzee alimtazama mkewe aliyekuwa amekaa pembeni na daftari lake mkononi, wala hakuuliza tena habari za miaka.

Dawa ilianzishwa upya siku hiyo. Amlodipini ya miligramu 5 ilirudi, diklofenaki ikaondolewa. Hili la diklofenaki nalisisitiza, maana wazee wengi wanaoumwa magoti na viuno huishi nayo. Dawa za kundi hilo, pamoja na ibuprofeni, hufanya mwili ushike chumvi na maji, hupandisha presha, hudhoofisha kazi ya vidonge vya presha na kuziumiza figo ambazo tayari zina shida. Parasetamoli ndiyo aliyopewa kwa ajili ya goti.

Siku ya tatu mzee alikwenda dukani kupima, kwa hamu, ikasoma 172. Alishtuka, akapiga simu. Nesi akamkumbusha kwamba dawa inayotoka polepole huingia polepole pia: huchukua kama wiki moja kufikia kiwango chake kamili mwilini, na presha huendelea kushuka kwa wiki kadhaa baada ya hapo. Alimwambia asipime tena hadi tarehe ya kliniki. Baada ya wiki nne alikuwa 150 kwa 86. Kwa sababu figo zilikuwa zinavuja protini, daktari akaongeza losatani ya miligramu 50, dawa inayoshusha presha na pia kupunguza uvujaji huo, akaagiza damu ipimwe tena baada ya wiki mbili ili kuangalia figo na madini ya potasiamu, ambayo losatani huweza kuyapandisha. Wiki nyingine nne zikapita. Akiwa amekaa, alisoma 134 kwa 80. Nesi akamsimamisha, akampima tena baada ya dakika mbili: 128 kwa 78.

Kipimo hicho cha kusimama hakipaswi kukosekana kwa mzee yeyote anayetumia dawa za presha. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi mtu anaposimama, yuko kwenye hatari ya kuanguka, na kuvunjika nyonga kwa mzee ni jambo zito sana. Hapo daktari hupunguza au hubadilisha dawa. Kumeza kila siku hakumaanishi kiasi kilekile hadi kaburini. Mtu akipungua uzito sana, akidhoofika, au akiharisha na kutapika hadi kukaukiwa maji, dawa inaweza kuwa kubwa kuliko mahitaji yake, na zile za kundi la losatani zinaweza kuziumiza figo. Afadhali aulize kituoni siku hiyohiyo kuliko kuendelea kumeza kwa kukisia, au kuacha kwa kukisia.

Mambo mengine madogo mzee aliyajua kadiri yalivyomfika. Vifundo vya miguu vilivimba kidogo jioni. Ni amlodipini hufanya hivyo kwa baadhi ya watu, akasema kliniki, akaangaliwa, ikaonekana inavumilika. Ingezidi, ipo dawa nyingine ya kuchukua nafasi yake. Siku aliyokwenda msibani Arusha bila vidonge, alirudi jioni akameza kile cha siku ile. Angekumbuka kesho yake angemeza cha kesho tu, bila kurundika viwili pamoja. Kitunguu saumu aliendelea kula kwenye mboga. Mboga yenyewe ilipunguzwa chumvi, kwani Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote, na kijiko hicho huisha upesi pale chumvi inapoongezwa tena mezani.

Rafiki yake wa mtaa wa pili alikuwa anatumia atenololi, akataka naye ajaribu kuacha aone itakuwaje. Mzee akamkataza, na alifanya vizuri. Dawa za kundi hilo zikikatwa ghafla zinaweza kuufanya moyo uende mbio na presha iruke juu, na kwa mwenye ugonjwa wa moyo hilo ni hatari kubwa. Kama zinapaswa kuachwa, daktari huzipunguza hatua kwa hatua.

Duniani, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, watu wazima wapatao bilioni 1.4 walikuwa na presha ya juu mwaka 2024, na ni takriban mmoja tu kati ya watano ambaye presha yake ilikuwa imedhibitiwa. Wanaoshindwa si wote wakaidi. Wapo wanaofika kituoni wakaambiwa dawa zimeisha, na wapo wanaochagua kati ya nauli na vidonge. Hao hawahitaji mahubiri, wanahitaji dawa iwepo. Lakini wapo pia wengi kama mzee wetu, ambao dawa wanayo kabatini na wanajisikia vizuri, na nyumbani hakuna anayewauliza.

Basi ewe mwenye baba, mama, babu au bibi anayetumia dawa za presha: akirudi kliniki na kukuonyesha 130 kwenye daftari lake, mpongeze kwa kuwa amemeza, kisha fungua kabati uhesabu kama vidonge vinafika tarehe ya kurudi. Visipofika, vinunue au mpeleke kabla havijaisha. Na siku yoyote ukiona mdomo wake umekwenda upande, mkono mmoja haunyanyuki au maneno hayaeleweki, usisubiri kuona kama atapata nafuu. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo.